Hasara ya Ukumbi wa Nyuma

Senti alikuwa na jina lake zuri tu, lililoandikwa kwenye cheti chake cha uhasibu na kubandikwa ukutani, lakini pale kiwandani hakuna aliyelitumia. Wiki yake ya kwanza kazini alimrudisha dereva dukani kudai chenji ambayo haikutosha hata kununua peremende. Dereva aliporudi amenuna, akamwambia, "Haya, Senti, hii hapa." Jina likamganda.

Kiwanda kilikuwa cha uchapaji, mali ya Mama Mkubwa, dada wa kwanza wa mama yake Senti, mjane aliyelijenga lile jengo pamoja na marehemu mumewe wakati tofali lilipokuwa bado rahisi. Mbele kulikuwa na mashine za kuchapa, zenye kelele za kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Nyuma kulikuwa na ukumbi mpana wa kujalidi, ambamo karatasi zilizochapwa zilishonwa, zikapakwa gundi, zikavishwa majalada magumu na kukatwa kingo. Ukumbi ule ulikuwa nusu nzima ya jengo, kwa maana vitabu vibichi vinataka nafasi ya kukaukia, havipendi kubanana.

Mtawala wa ukumbi alikuwa Babu Gundi. Alikuwa na wasaidizi wawili na mashine moja ya kukatia iliyokuwa na umri wa kuoa. Vidole vyake vilikuwa na ngozi juu ya ngozi, ya pili ikiwa ya gundi, na hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Senti alipokuwa shule ya msingi, Babu Gundi ndiye aliyemjalidia vitabu vyake kila mwaka, bure, kwa mabaki ya kitambaa chekundu. Alimwita mjukuu wangu, ingawa hawakuwa na damu moja.

Sasa, hili jambo lilianza vizuri, tena kwa akili, na ndiyo maana liliuma zaidi baadaye. Kabla ya Senti kuja, Mama Mkubwa alipanga bei kwa kukuna kidevu. Alijumlisha karatasi, wino, umeme na mishahara, akaongeza kidogo, basi. Senti alimkalisha akamweleza kwamba mchapaji wa ng'ambo ya barabara hulipa kodi ya nyumba kila mwezi, na bei zake zinaibeba kodi hiyo. Wewe kwa kuwa nyumba ni yako hulipi mtu, lakini nyumba hiyo ungeweza kumpangisha mwingine ikakuletea hela. Vivyo hivyo mtaji: fedha uliyoitia kwenye mashine na stoo ya karatasi, ungeiweka benki ingezaa riba. Usipoyahesabu hayo utauza kazi kwa bei ya kutupa huku unajiona mjanja.

Kwa hiyo akayaingiza kwenye vitabu vya gharama, vile vya ndani, vinavyotumika kupangia bei na kupimia kila idara. Kodi ya jengo zima aliikadiria milioni kumi na nne na laki nne kwa mwaka. Riba ya mtaji wote, milioni hamsini kwa asilimia kumi na mbili, milioni sita. Hakuna hata senti moja ya fedha hizo iliyotoka mkononi mwa mtu, na kwenye vitabu vya fedha, vile alivyovitunza mhasibu wa nje kwa ajili ya kodi ya serikali na benki, hazikuonekana kabisa. Ni gharama za kukadiria tu. Mwisho wa mwaka, mhasibu wa nje alichukua faida ya vitabu vya Senti, akairudishia zile milioni ishirini na laki nne, na hesabu mbili zikakutana.

Mama Mkubwa alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ameelewa. Alielewa kweli, siku ile. Lakini jambo ukimweleza mtu mwanzoni mwa mwaka, akaja kulihitaji mwisho wa mwaka, ni sawa na hukumweleza. Hilo Senti alilijua pia, na ndipo dhambi yake ilipoanzia.

Mwaka ulipoisha, Mama Mkubwa aliitisha kikao ofisini kwake: yeye, Senti, na msimamizi wa mashine za mbele. Senti aligawa karatasi moja moja. Ili isomeke kwa urahisi alikuwa ameikusanya kodi na riba kwenye mstari mmoja, "Gharama za jengo na mtaji." Kodi aliigawa kwa ukubwa wa sakafu, kila idara nusu. Idara ya mbele ilionyesha faida ya milioni nane na laki sita. Ukumbi wa nyuma ulionyesha hasara ya milioni tatu na laki sita.

Mama Mkubwa aliweka kidole kwenye ile hasara kana kwamba anamkanyaga mdudu. Akauliza kama ni kweli. Senti akajibu ndiyo, kwa mujibu wa vitabu vya gharama, na akafungua kinywa kuendelea. Alikuwa na sentensi nzima ulimini. Kwamba ukumbi umeingiza milioni thelathini na nane na umetumia thelathini na mbili, kwa hiyo sita nzima zimebaki mfukoni. Kwamba hasara imezaliwa na kodi ya milioni saba na laki mbili isiyolipwa kwa yeyote, na riba ya milioni mbili na laki nne isiyodaiwa na yeyote.

Kabla hajaanza, Mama Mkubwa alimwekea mkono begani, mbele ya msimamizi, akasema, "Mtoto huyu ameona kwa mwaka mmoja nisichokiona kwa miaka ishirini."

Msimamizi akatabasamu. Naye Senti, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiitwa mpwa wa mwenye kiwanda, mla ofisi, mtoto wa vitabu, alihisi kichwa kinavimba kama andazi kwenye mafuta. Sentensi ile akaimeza. Alijitafutia na sababu: watafunga ukumbi, wataupangisha, kodi itaingia kweli, na hesabu itakuwa ya kweli tangu hapo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hesabu.

Wiki mbili baadaye ukumbi ulifungwa. Wasaidizi wawili walipata kazi kwa yule jirani wa ng'ambo. Babu Gundi alikuwa na umri ambao hauajiriwi tena.

Siku yake ya mwisho aliingia ofisini kwa Senti, aproni imekunjwa kwapani, akasimama kwanza akisoma kile cheti ukutani. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonuia kununua.

"Mjukuu wangu, ni kweli mimi nilikuwa nawatia hasara?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na neno moja lingetosha kuupita. Senti aliangalia kikokotoo chake.

"Hesabu ndivyo zinavyosema, Babu."

Akasema, "Basi nimesikia," akatoka. Kutoka pale alienda kwa Mama Mkubwa kuchukua kiinua mgongo chake, fedha iliyokuwa imetengwa kwa ajili yake kidogo kidogo tangu aajiriwe. Akaihesabu mezani, akaigawa mafungu mawili yaliyo sawa, akatia moja mfukoni, lingine akalirudisha ndani ya bahasha na kulisukuma upande wa pili wa meza. Alisema hawezi kula hasara aliyoileta kwa mkono wake. Mama Mkubwa alimbembeleza, akamkemea, akamwita kwa jina lake la kweli; mzee akavaa kofia akaondoka. Bahasha ikafungiwa kabatini, Mama Mkubwa akisema siku akitulia atakuja kuichukua.

Senti alisimuliwa hayo na Mama Mkubwa mwenyewe, wakinywa chai. Chai ikamshinda. Tangu siku ile kila alipopita karibu na lile kabati la chuma nafsi ilimsuta, naye akajitia hamnazo, akaharakisha hatua. Asante ya punda ni mateke, hilo kila mtu analijua, lakini si kila mtu huamka asubuhi akajikuta yeye ndiye punda.

Wapangaji walikuja. Wa kwanza alitaka mahali pa kuweka samani, wa pili alitaka kufungua darasa la ushonaji. Wote walifurahia ukumbi na wote waliuliza mlango wa barabarani uko wapi. Haukuwepo. Ili kuingia nyuma ilibidi upite kati ya mashine mbili za kuchapa, ukijigeuza ubavu na kushika nguo zako zisinaswe. Yule wa ushonaji aliondoka akicheka. Senti akabaki amesimama pale katikati, wino umemgusa kiwiko, akielewa kosa lake la kwanza, lile la kitaalamu: alikuwa ameukadiria ukumbi usio na mlango kwa bei ya chumba kinachotazama barabara. Alichukua kodi ya jengo zima akaikata kwa futi, kama kitambaa. Kodi ambayo hakuna mtu duniani angeilipa, ndiyo aliyomtwisha Babu Gundi.

Kuligundua ni kitu kimoja. Kulisema ni kingine, na mwaka ukamalizika hajalisema.

Mhasibu wa nje alikuja na mkoba wake na tabia yake ya kulamba kidole kabla ya kugeuza ukurasa. Alikaa siku tatu. Siku ya tatu alimwita Senti, akamwonyesha faida ya vitabu vya fedha: mwaka jana, milioni ishirini na tano na laki nne. Mwaka huu, kumi na tisa na laki nne.

"Milioni sita zimeyeyuka," akasema. "Mmepoteza mteja gani?"

Senti hakuhitaji kikokotoo. Sita ndizo zile zilizobaki mfukoni kila mwaka kutoka ukumbini, baada ya kulipa gundi, uzi, vitambaa, umeme na watu watatu. Akasema hawajapoteza mteja, wamefunga idara iliyokuwa na hasara. Mhasibu wa nje alimtazama juu ya miwani kwa muda ambao haukuwa wa kawaida, akalamba kidole, akageuza ukurasa. Alikuwa mtu wa adabu.

Kesho yake kikao kilikuwa cha watu wawili tu. Mama Mkubwa alikuwa na karatasi mpya ya Senti mkononi, na safari hii hakuweka kidole. Idara ya mbele, ile iliyokuwa na faida ya milioni nane na laki sita, ilionyesha hasara ya milioni moja. Haikuwa imeharibu kazi yoyote. Wateja wale wale, bei zile zile, wino ule ule.

Alizungumza polepole. Alisema amefikiri usiku kucha. Alisema miguu inamuuma, na kama hata mashine za mbele nazo zimeanza kula mtaji, basi huenda Mungu anamwambia apumzike. Kuna mtu amekuwa akimuulizia jengo lote kwa ajili ya ghala. Watu kumi na mmoja atawalipa haki zao, na Senti ana cheti, hatakosa kazi.

"Mwaka jana ulinionyesha hasara nyuma, tukafunga nyuma," akasema. "Sasa hasara iko mbele. Nikifunga na mbele, mwakani utaniambia nifunge choo?"

Alitaka kutania, lakini sauti ilimkatikia katikati. Senti akaona macho yake. Na lile jambo alilolibeba mwaka mzima likawa zito kuliko aibu ya kulitua.

"Mama Mkubwa, hasara haikufungwa," akasema. "Imehamia tu. Ile kodi ya ukumbi bado naihesabu, na riba ya mashine ya kukatia bado naihesabu, maana ipo pale chini ya turubai na hakuna aliyeinunua. Zamani vilibebwa na Babu Gundi. Sasa vinabebwa na mashine za mbele, kwa sababu hakuna mwingine wa kubeba."

Mama Mkubwa akauliza kodi hiyo analipwa nani.

"Hakuna."

Basi akaeleza yote upya, kama alivyoeleza mwanzo, lakini safari hii bila maneno ya chuo. Akachukua karatasi akaandika upande mmoja fedha iliyoingia na kutoka kweli, upande wa pili makadirio. Upande wa kweli kiwanda kilikuwa na faida ya milioni kumi na tisa na laki nne. Kodi ya kukadiria ni ya kutusaidia kupanga bei, akasema, na kujiuliza kama jengo lingetulipa zaidi likiwa na mtu mwingine. Kama kweli yupo wa ghala anayetaka jengo lote, hilo ni swali halali, tumuulize atalipa ngapi, tulinganishe. Lakini ukumbi wa nyuma peke yake haukuwa na mtu wa kuutaka, kwa hiyo kuufunga hakukutupa kodi yoyote. Kulitunyima milioni sita tu.

Kisha akamalizia lile lililobaki, kwa sababu mtu akishavua shati hana sababu ya kung'ang'ania kofia. Alisema alilijua hili siku ya kikao cha kwanza. Alisema sentensi ilikuwa ulimini, na sifa ndizo zilizomziba mdomo. Alisema Babu Gundi alimuuliza waziwazi, naye akamjibu kwa ujanja.

Mama Mkubwa hakupiga kelele, na Senti angefurahi kama angepiga. Alikaa akitazama ile karatasi mpaka mashine za mbele zikamaliza kazi moja na kuanza nyingine. Halafu akanyanyuka, akafungua kabati la chuma, akatoa bahasha iliyokuwa imeanza kugeuka manjano.

"Utampelekea wewe," akasema. "Na usimwambie nimekutuma. Mwambie umekuja."

Babu Gundi aliishi nyuma ya soko la vyombo, chumba na sebule, na mkewe ambaye alimkaribisha Senti kwa uchangamfu uliomkata maini, kwani ni dhahiri hakuwa na habari. Hodi ilikuwa ya saa tisa mchana. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akitengeneza kishikio cha sufuria ya jirani. Ukutani palikuwa na rafu tupu. Mkewe alisema zamani watoto wa mtaa wote walileta vitabu vyao hapo, lakini siku hizi mwenzake anawarudisha mlangoni. Anawaambia kazi ile aliijua vibaya, ilimtia mwenye mali hasara.

Senti alipiga magoti, akaweka bahasha sakafuni. Hakutafuta utangulizi. Alimwambia ukumbi wake ulibakiza milioni sita kila mwaka. Alimwambia ile hasara ilikuwa kodi ya kukadiria, ya nyumba ambayo mwenyewe haidai kodi, na kwamba yeye Senti alijua, na alipoulizwa hakusema. Akaomba radhi.

Mkewe aliacha alichokuwa akikifanya. Babu Gundi aliendelea kukaza skrubu ya kishikio mpaka ikakaza, akaijaribu kwa kidole, akaweka sufuria chini.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini najua gundi inaingia kwa bei gani na kitabu kinatoka kwa bei gani. Nilipiga hesabu kwa vidole hivi hivi, kila mwaka, nikaona zinabaki. Siku ulipotoa karatasi yako nikapiga tena. Zikabaki tena. Nikasema, vidole vyangu vimezeeka. Mtoto niliyemjalidia vitabu vya shule hawezi kunidanganya."

Senti alilia pale pale, mbele ya sufuria ya jirani, na hakuna aliyemnyamazisha. Mke wa mzee alitoka nje akarudi na maji ya kunywa, akayaweka karibu naye bila kumtazama.

Babu Gundi alirudi kazini mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Mama Mkubwa alikwenda kumwomba mwenyewe, na msaidizi mmoja akahama kutoka kwa jirani kumfuata. Mtu wa ghala alitaja kodi yake ya jengo lote, wakailinganisha na faida halisi, wakaona uchapaji bado unalipa zaidi. Senti aliendelea kuihesabu kodi na riba kwenye vitabu vya gharama, maana bei bado zinapaswa kupangwa, ila kila karatasi ya kikao sasa ilikuwa na safu mbili, na ile ya makadirio aliiandika kwa wino mwekundu na kuisoma kwa sauti, kila mara, hata walipomwambia wameshaelewa. Ukumbi wa nyuma aliukadiria upya, kwa kiasi ambacho mtu angetoa kwa chumba kisicho na mlango.

Asubuhi ya kwanza aliwahi, akatoa turubai kwenye mashine ya kukatia kwa mikono yake, akafuta vumbi. Mzee alipoingia na aproni yake, Senti alimwamkia. Shikamoo yake ilitoka ndogo.

"Marahaba, mhasibu," akasema Babu Gundi kwa heshima zote, akapita kwenda kuwasha jiko la gundi.

Hajamwita mjukuu tena. Miaka minne sasa, wanafanya kazi pamoja vizuri, hawajawahi kukosana. Kila asubuhi Senti humwamkia, na kila asubuhi husubiri.